Jinsi ya Kusoma Kinaya na Kejeli Kwenye Safu Fupi ya Gazeti: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Mtaro wa Ngamiani

Wasomaji wa safu za magazeti hukosea kwa namna mbili, na zote mbili nakutana nazo mara kwa mara hapa Tanga, darasani na barazani. Wa kwanza huchukua kila neno kama lilivyo, akamaliza safu akiamini kwamba mwandishi amekisifu kitu ambacho kwa kweli amekiponda. Wa pili ameshaambiwa kwamba kuna kejeli, basi anageuza kila sentensi juu chini, na mwisho anatoka na maana ambayo mwandishi hakuikusudia. Huyu wa pili ndiye mgumu zaidi kumsaidia, kwa sababu anaamini ameshaelewa.

Mwongozo huu unahusu safu ya aina moja tu: fupi, yenye mzaha mkavu, ambayo mwandishi wake hacheki wala hakukonyezi jicho. Njia ninayoifundisha inaanza mahali ambapo wengi hawapaanzi. Usitafute kejeli kwanza. Tafuta kwanza sentensi zilizonyooka, zile ambazo mwandishi amezisema bila kuzipamba, kwa sababu hizo ndizo utakazotumia kupimia zilizopinda.

## Kwa nini safu ya namna hii inateleza mkononi

Kejeli tumezoea kuipata kwa sikio. Jirani akikwambia "Hongera zako!" huku akivuta sauti na kubinua mdomo, huhitaji mwalimu wa kukueleza. Hata mipasho ya taarab haimtaji mtu jina, lakini sauti ya mwimbaji, na macho ya waliokwenda kutunza, humwonyesha mlengwa alipokaa.

Gazetini vyote hivyo havipo. Mwandishi wa mzaha mkavu huondoa hata alama ya mshangao, na husema jambo la kuudhi kwa lugha ileile ya taarifa ya mkutano. Kinachobaki ni maneno yenyewe na mambo yaliyotokea. Kazi yako ni kuyaweka mawili hayo bega kwa bega.

## Utakavyohitaji

- Safu moja fupi, ya maneno kama 150 hadi 300. Ndefu zaidi ya hapo itakuchosha ukiwa bado mgeni wa kazi hii.
- Penseli na kifutio. Usitumie kalamu ya wino, kwa maana utabadilisha mawazo, na mstari wa wino utakung'ang'aniza kwenye jibu la kwanza.
- Daftari, ukurasa mmoja uliogawanywa kwa mstari wa wima katikati.
- Mtu mmoja anayeujua mji au jambo linalozungumziwa. Hahitaji kuwa msomi. Anahitaji kujua tu mambo yakoje huko.

## Safu ya mfano

Hii nimeitunga kwa ajili ya somo hili, kwa hiyo usiitafute gazetini. Isome yote kabla ya kuendelea.

> Pongezi kwa Mtaro Wetu
>
> Wakazi wa barabara yetu hapa Ngamiani tuna kila sababu ya kushukuru. Mtaro uliochimbwa kabla ya masika ya mwaka jana umetimiza mwaka ukiwa wazi, jambo linaloonyesha kwamba wahusika hawapendi kufanya kazi kwa pupa.
>
> Faida zake ni nyingi. Watoto wamejifunza kuruka kabla ya kujifunza kusoma. Mbu, ambao zamani walilazimika kutoka mbali, sasa wamepata makazi karibu na kazini. Mzee mmoja jirani yangu alitumbukia na baiskeli yake usiku wa Ramadhani akienda tarawehe. Alipotolewa alisema neno moja tu, ambalo kwa heshima ya mwezi sitaliandika.
>
> Wiki iliyopita ujumbe ulikuja kuutazama. Waliutazama vizuri sana. Mmoja aliupiga picha upande wa kulia, mwingine upande wa kushoto, kisha wakarudi kwenye gari lao wakipita juu ya ubao ambao wakazi waliununua kwa kuchanga shilingi elfu mbili mbili kila nyumba.
>
> Tumeambiwa mchakato unaendelea. Hatuna shaka. Mtaro nao unaendelea: ulianza na upana wa hatua moja, sasa ni hatua mbili na nusu.
>
> Nashauri mwakani tuufanyie sherehe. Atakayekata keki asimame ng'ambo ya pili.

## Hatua ya 1: Jua uko ukurasa gani

Hii haichukui muda. Angalia kama unachosoma ni habari au ni safu. Habari ina mwandishi aliyetumwa, ina tukio la jana au juzi, ina watu waliohojiwa. Safu ina jina la kudumu, mara nyingi na picha ya mwandishi, na hurudi mahali palepale kila wiki. Kinaya kinaweza kupita kwenye habari pia, lakini ni nadra, na mhariri kwa kawaida hukiondoa.

Tahadhari: kuwa kwenye safu si ushahidi wa kejeli. Safu nyingi ni za dhati kabisa.

## Hatua ya 2: Pigia mstari kilichotokea

Pita sentensi kwa sentensi, upigie mstari mambo ambayo mtu aliyesimama pale barabarani angeyaona kwa macho yake. Usipigie mstari sifa, shukrani wala maoni.

Kwenye mfano wetu utabaki na haya: mtaro ulichimbwa kabla ya masika ya mwaka jana, uko wazi hadi leo, watoto wanauruka, mbu wapo, mzee ametumbukia, watu wa ujumbe wamekuja wakapiga picha wakaondoka, wakazi wamechanga fedha za ubao, mtaro umepanuka.

Kwa nini tuanze hapa? Kwa sababu mwandishi wa mzaha mkavu hudanganya kwenye sifa, si kwenye matukio. Akianza kubuni na matukio, safu yake inapoteza nguvu, maana msomaji hatakuwa na mahali pa kusimama. Ndiyo maana yule anayegeuza kila sentensi hupotea mapema. Akiigeuza "watoto wamejifunza kuruka" anapata "watoto hawajajifunza kuruka", na hilo si kweli, wala si alichosema mwandishi. Watoto wanaruka kweli. Kilichopinda ni neno *faida* lililotangulia.

Utajua umefaulu ukiweza kuyasoma uliyoyapigia mstari peke yake, na yakasikika kama malalamiko ya kawaida ambayo mkazi angeyapeleka serikali ya mtaa bila kubadilisha kitu.

## Hatua ya 3: Zungushia maneno yanayopima

Sasa rudi mwanzo. Zungushia kila neno linalosema kama jambo ni zuri, baya, kubwa, dogo, la haraka au la polepole. Kwenye mfano wetu ni *pongezi*, *kila sababu ya kushukuru*, *hawapendi pupa*, *faida*, *nyingi*, *vizuri sana*, *hatuna shaka*, *sherehe*.

Kinaya hukaa kwenye maneno haya. Kwa uzoefu wangu, msomaji anayeweza kutenganisha tukio na neno linalolipima ameshamaliza nusu ya kazi, na sababu ya wengi kukwama ni kwamba wanayameza yote mawili kwa pamoja.

Tahadhari: maneno mengine ya kupima hayana umbo la sifa. "Hawapendi kufanya kazi kwa pupa" inasikika kama maelezo ya tabia tu. Jiulize kila mara: je, aliyesimama barabarani angeliona hili kwa macho? Pupa haionekani. Mtaro ulio wazi unaonekana.

## Hatua ya 4: Pima pengo

Hapa ndipo daftari linapoanza kufanya kazi. Upande wa kushoto andika kilichotokea. Upande wa kulia andika mwandishi alivyokiita.

- Mtaro umekaa wazi mwaka mzima: *hawapendi kazi ya pupa*
- Watoto wanaruka shimo, mbu wamezaliana: *faida*
- Ujumbe umekuja, umepiga picha, umeondoka: *waliutazama vizuri sana*
- Wakazi wamechanga elfu mbili mbili kununua ubao: (hakuna neno)

Chukua muda kwenye kila mstari, kwa sababu mapengo hayafanani.

Kwenye mstari wa pili, neno limeinuliwa juu kuliko jambo. Shimo lenye mbu limeitwa faida. Hili ndilo pengo rahisi kuliona, na wengi hulikamata.

Kwenye mstari wa kwanza ni kinyume chake: neno limeshushwa. Mwaka mzima wa kutelekeza kazi umefanywa uonekane kama tahadhari ya fundi makini. Hakuna sifa kubwa hapa, kuna upole uliozidi. Mzaha mkavu hupenda sana pengo hili, na ndilo linalowapita wasomaji wa haraka.

Mstari wa tatu ni wa aina nyingine kabisa, na naupenda kuliko yote. "Waliutazama vizuri sana" ni kweli tupu. Hakuna uongo wala kutia chumvi. Waliutazama, na picha za kulia na kushoto ni ushahidi. Kinaya kiko kwenye kilichokosekana: sentensi inayofuata ilipaswa kusema walichokifanya, nayo inasema walirudi kwenye gari. Ukimuuliza aliyezoea kugeuza sentensi, atakuambia maana yake ni "hawakuutazama vizuri". Atakuwa amekosa jambo zima. Mwandishi anasema kwamba kutazama ndiyo kazi pekee iliyofanyika.

Mstari wa nne hauna neno upande wa kulia, na hapo ndipo ilipo sentensi iliyonyooka: ile ya ubao. Mwandishi hakuusifu mchango wa wakazi, hakuucheka, hakuupunguza. Ametaja kiasi, akaendelea. Kwenye safu iliyojaa maneno yaliyopinda, mahali palipoachwa bila pambo ndipo mwandishi alipomaanisha kila herufi. Patafute mahali hapo pa kweli kwenye kila safu unayosoma. Mara nyingi pako katikati au karibu na mwisho, ndani ya kishazi kidogo kinachoning'inia kwenye sentensi ndefu.

Mazungumzo ya barazani juu ya safu kama hii huenda hivi. Kijana anauliza, "Mjomba, huyu mwandishi kalipwa? Mbona anawapongeza?" Naye mjomba, bila kuacha kahawa yake, anajibu, "Kalipwa wapi? Hebu soma tena pale kwenye ubao." Mjomba hakueleza kejeli ni nini. Amemwonyesha kijana mahali pa kusimama, na kutoka hapo safu yote inafunguka.

Utajua umefaulu ukiweza kusema, kwa kila mstari, kama neno limepanda, limeshuka, au ni kweli lakini halitoshi. Ukiona mstari ambao kushoto na kulia vinalingana, uache. Hapo hakuna kinaya.

## Hatua ya 5: Sikiliza sauti ya kuazimwa

Baadhi ya maneno kwenye safu si ya mwandishi. Ameyaokota kwa mtu mwingine na kuyarudisha mbele yetu tuyatazame. Watafiti Dan Sperber na Deirdre Wilson walilifafanua hili mwaka 1981: walisema kwamba anayesema kwa kinaya huwa anarudia kauli au wazo la mwingine huku akionyesha kwamba halikubali. Maelezo hayo yanafaa sana kwa magazeti yetu, ambako lugha ya ofisi hurudiwa kila siku.

"Tumeambiwa mchakato unaendelea." Neno *tumeambiwa* linakuonyesha kwamba sauti imebadilika. *Mchakato unaendelea* si lugha ya mkazi wa Ngamiani anayeruka mtaro kwenda dukani. Ni lugha ya mkutano na ya barua yenye mhuri. Kisha inakuja "Hatuna shaka", kana kwamba imekubaliwa, na halafu "Mtaro nao unaendelea".

Hilo *nao* dogo ndilo linalouma. Limeweka mchakato na shimo kwenye mizani moja, na kati ya viwili hivyo ni shimo tu lililopewa vipimo: kutoka hatua moja hadi mbili na nusu. Mchakato haukupewa kipimo chochote.

Ili kuzikamata sauti hizi, weka alama mbele ya maneno kama *tumeambiwa*, *inasemekana*, *tumehakikishiwa*, *wahusika*, *kwa mujibu wa*. Kisha soma sentensi kwa sauti, ukijiuliza ni nani huongea hivi. Jibu likiwa si mwandishi, umepata sauti ya kuazimwa.

Tahadhari: kunukuu si kejeli yenyewe. Mwandishi anaweza kurudia maneno ya ofisa kwa heshima. Tazama sentensi inayofuata. Ikiyaunga mkono maneno hayo kwa tukio, ni nukuu tu. Ikiyaweka karibu na tukio linaloyakanusha, ni kinaya.

## Hatua ya 6: Mtaje anayelengwa

Kinaya ni pengo kati ya kinachosemwa na hali ilivyo. Kejeli ni kinaya kilichoelekezewa mtu ili kimchome. Kwa hiyo swali la nani anachomwa lazima lijibiwe, na hapa wasomaji wengi hupiga pasipo.

Mzee aliyetumbukia na baiskeli hachomwi. Tunacheka kidogo kwa lile neno ambalo halikuandikwa, lakini mwandishi amemfunika kwa heshima ya mwezi, wala hakumtupia kosa la kuanguka. Huo ni mzaha wa upendo. Watoto hawachomwi, na wakazi hawachomwi.

Tumia maswali mawili. La kwanza: nani angenuna akiisoma safu hii asubuhi? La pili: nani mwenye uwezo wa kuubadilisha upande wa kushoto wa daftari lako? Majibu yakiangukia kwa watu walewale, umempata mlengwa. Kwenye mfano wetu yote mawili yanaelekea kwa *wahusika*, ambao hawakutajwa jina mahali popote.

Majibu yakitofautiana, kwa mfano anayenuna ni mama lishe wa pembeni na mwenye uwezo ni mwingine, basi ama umesoma vibaya ama mwandishi amemchoma asiyestahili. Hilo la pili hutokea, na msomaji ana haki ya kuliona na kulisema.

## Hatua ya 7: Iseme kwa sentensi moja

Funga gazeti. Mwambie yule mtu wako anayeujua mji, kwa sentensi moja isiyo na mzaha, mwandishi amesema nini.

Majibu yaliyokosea huwa kama haya. "Anawapongeza wahusika kwa mtaro": huyu hakufika hatua ya 4. "Anasema watoto hawajajifunza kuruka": huyu amegeuza tukio badala ya neno linalolipima. "Anawacheka watu wa Ngamiani": huyu ameruka hatua ya 6.

Jibu linalosimama ni la namna hii: *Mwandishi anawalaumu wahusika kwa kuuacha mtaro wazi mwaka mzima na kuleta picha na maneno badala ya kazi, huku wakazi wakijitafutia njia kwa fedha zao.* Kila kipande cha sentensi hiyo kinaweza kuonyeshwa kwa kidole ndani ya safu. Hicho ndicho kipimo: ukiulizwa "umelipata wapi?", uwe na mahali pa kuweka kidole.

## Ukiona lawama, usikimbilie kusema ni lawama

Jaribu hatua zilezile kwenye kipande hiki kifupi, nacho nimekitunga:

> Fundi baiskeli wa Makorora amekataa kuniuzia tairi jipya. Alilitazama la zamani, akaliziba mahali pawili, akanitoza shilingi elfu moja, akanitakia safari njema. Sijui biashara ya namna hii itamfikisha wapi.

Kushoto kwa daftari kuna mtu mwaminifu aliyekataa kumtia mteja gharama. Kulia kuna shaka juu ya biashara yake. Pengo lipo, lakini limegeuka: jambo ni zuri na neno ndilo baya. Uliza nani angenuna. Fundi mwenyewe akisoma atatabasamu. Hiki ni kinaya kisicho na kejeli, na ndiyo sababu hatua ya 6 haiwezi kurukwa hata pale unapodhani umeshamaliza.

## Pale njia hii inapofika mwisho wake

Daftari lako halitakusaidia kama upande wa kushoto umekosa jambo ambalo mwandishi amelichukulia kwamba kila mtu analijua. Akiandika kwamba abiria akishuka stendi ya Kange "yuko hatua chache tu kutoka Raskazone", msomaji wa Tanga anacheka palepale, kwa maana anajua kwamba huo si mwendo wa miguu kwa mtu mwenye mizigo. Msomaji wa Songea anaweza kuiamini sentensi hiyo, na hana kosa. Ndani ya maandishi hakuna kitu cha kumzindua.

Dalili ya hali hii ni moja: safu inaonekana kusifu au kueleza jambo dogo mno, na hujui kwa nini imeandikwa. Hapo usibuni kejeli. Chukua ile sentensi inayokutatiza, umpelekee anayeujua mji, na usimuulize "je, hii ni kejeli?" kwa sababu atakujibu kwa kubahatisha kama wewe. Muulize swali la upande wa kushoto: "Kutoka Kange hadi Raskazone ni mbali kiasi gani?" Jibu lake liandike kwenye daftari, kisha rudi hatua ya 4.